Wameharibu muziki wa menyu kwa mikono yao wenyewe, sasa wanakataa kunilipa

Mpiga_Kayamba (mwenye uzi)

Nina hasira na sitaificha. Studio moja ya michezo ya simu hapa Nairobi iliniagiza muziki wa menyu wa mchezo wao wa mbio za matatu. Tulikubaliana shilingi 40,000, nusu mwanzoni na nusu wakishapokea kazi. Kazi wameipokea na iko ndani ya mchezo, lakini nusu ya pili wamegoma kutoa. Wanadai wimbo wangu "unakwama kila mara" na "unachosha masikio".

Sasa sikilizeni nilichowapa. Mwendo ni midundo 80 kwa dakika, baa 32 za midundo minne minne. Kila baa ni sekunde 3 kamili, kwa hiyo mzunguko mzima ni sekunde 96, yaani sampuli 4,233,600 kwa 44100 Hz, hakuna iliyozidi wala kupungua. Nilichagua mwendo huo makusudi ili hesabu isiache mabaki.

Ndani yake kuna nyatiti, kayamba, besi na kengele ndogo. Menyu ya mchezo huu ina gereji ambapo mchezaji anapaka matatu rangi na kuchagua taa, na mtu hukaa humo dakika nyingi. Ndiyo maana baa 8 za kwanza hazina wimbo wowote, ni nyatiti na kayamba tu zikitembea. Kengele zinaingia baa ya 9 na kutoka baa ya 17. Wimbo unarudi chini kwa besi, kisha baa 8 za mwisho zinapungua tena. Kordi ya mwisho nimeiacha ikining'inia, haijatulia, ili sikio liitake ile ya kwanza. Ukifika mwisho hujui kama umefika mwisho.

Mkia wa mwangwi nao niliufanyia kazi. Uzi wa mwisho wa nyatiti unaendelea kulia zaidi ya sekunde moja baada ya baa ya 32. Ukikata hapo, unamkata katikati ya pumzi. Kwa hiyo nilipanga baa zote 32 mara mbili mfululizo, nikatoa faili refu, kisha nikachukua mzunguko wa pili peke yake. Mkia wa mzunguko wa kwanza sasa umelala juu ya mwanzo wa wa pili, na mwisho unakutana na mwanzo bila mshono. Nikawapa OGG, na WAV kando.

Walichofanya: walichukua baa ya 9 hadi ya 16 peke yake, zile za kengele, kwa sababu "ndizo tamu". Wakazigeuza MP3 ili faili liwe dogo, wakaweka lijirudie. Nimepakua mchezo, nikavuta waya kutoka tundu la sauti la simu hadi kwenye laptop na kurekodi. Kila sekunde 24 wimbi la sauti linakatika ghafla, nyatiti bado ikilia, halafu kuna mstari bapa wa milisekunde kama 50, halafu kengele zinaanza upya. Hilo pengo mimi sikulitengeneza! Na mtu akikaa gereji dakika 5, kengele zilezile anazisikia zaidi ya mara 12. Kwangu angezisikia mara 3.

Nataka pesa yangu, na nataka jina langu lisiwekwe kwenye kitu kile kama hawarudishi faili nililowapa.

Kijana_wa_Rongai

Mkuu, pole. Lakini mimi mchezo wowote nikifungua naenda mipangilio nazima muziki. Nasikiliza vyangu. Labda wachezaji hata hawajali?

Mpiga_Kayamba

Ndugu yangu, unazima kwa sababu umezoea muziki uliokatwa hivyo. Na mimi siulizi kama wachezaji wanajali. Ninasema kazi yangu imeharibiwa kisha nikalaumiwa mimi.

Fundi_wa_Ngara

Shida hapo ni mahali walipokata. Lazima ukate pale wimbi linapovuka sifuri, mwanzo na mwisho. Usipofanya hivyo kunatokea mlio wa "tak". Wakirekebisha hapo, MP3 itacheza vizuri tu. Au waweke kufifia kidogo mwisho na kuinuka kidogo mwanzoni, watu wengi hufanya hivyo.

Mama_Mawimbi

Fundi, kuvuka sifuri kunaondoa "tak", hapo uko sawa. Lakini mwenzetu ametaja mstari bapa wa milisekunde 50. Huo ni kimya, na kimya hakitibiwi kwa kukata vizuri.

MP3 hupakia sauti kwa vifurushi vya sampuli 1152, na kifurushi hakikatwi nusu. Baa zao 8 ni sekunde 24, yaani sampuli 1,058,400. Gawanya kwa 1152 unapata 918 na robo tatu. Ile robo iliyobaki ya kifurushi cha mwisho inajazwa kimya. Juu ya hapo, enkoda ya LAME inasukuma sampuli 576 za kimya mbele ya wimbo, na anayefungua faili naye anachelewa sampuli 529. Hizo mbili peke yake ni milisekunde 25 pale mwanzoni, kabla hujahesabu za mwisho. Hata ukikata kwa wembe kwenye sifuri, kimya kitaongezwa baada ya wewe kumaliza kukata. OGG yenyewe huandika idadi kamili ya sampuli ndani ya faili, kwa hiyo mchezaji wa sauti anajua pa kusimama.

Kufifisha ndiyo mbaya zaidi, Fundi, samahani. Kayamba inatembea sawasawa, halafu kila sekunde 24 inazama na kuibuka. Mtu hatajua ni nini kinamkera, ila atakereka.

Fundi_wa_Ngara

Sawa mama, lakini mimi nina MP3 zangu za mchanganyiko na zinaunganika bila pengo lolote kwenye laptop. Kwa hiyo si kweli kwamba MP3 haiwezi.

Mama_Mawimbi

Sikusema haiwezi. LAME huandika mwanzoni mwa faili kiasi cha kimya ilichoongeza, na programu nyingi za kusikiliza muziki zinasoma hapo na kukikata. Yako inasoma. Injini ya mchezo inaweza isisome, na wengi wa wale jamaa wa studio bila shaka walijaribu faili kwenye laptop, wakasikia safi, wakaliweka kwenye mchezo bila kusikiliza tena kwenye simu. Mpiga_Kayamba, waulize hilo swali kwa maandishi: mlisikiliza mshono kwenye kifaa gani?

Jembe_la_Umoja

Nitawatetea hao jamaa kidogo. Mimi natengeneza michezo midogo, najua uchungu wa ukubwa wa faili. Watu wanapakua kwa bando la shilingi 20. Sekunde 96 za muziki ni mzigo. Mtunzi naye angefikiria hilo.

Mpiga_Kayamba

Nilifikiria. OGG niliyowapa ni ya kilobiti 96 kwa sekunde, megabaiti moja na kidogo kwa wimbo mzima. Picha moja ya mandharinyuma yao ni kubwa kuliko hiyo. Na kama megabaiti moja ilikuwa nyingi, wangeniambia mimi nipunguze, kwa sababu mimi ndiye najua wapi panakatika. Mkataba haukuwapa ruhusa ya kukata.

Mama_Mawimbi

Jembe ana hoja kuhusu bando, na kuna njia ambayo haiui wimbo. Chukua baa 8 za nyatiti na kayamba tu, bila kengele, sekunde 24. Kengele ziweke kwenye faili lake la baa 5, sekunde 15, nyingi zikiwa kimya, noti chache za pentatoniki ambazo hazigombani na kordi yoyote iliyo chini. Yote mawili yaanze pamoja na kila moja lijirudie kwa urefu wake. Yatakutana tena mwanzoni baada ya baa 40, dakika 2 kamili. Umehifadhi sekunde 39 za sauti, mchezaji anasikia dakika 2 ambazo hazijirudii sawasawa. Kwa kilobiti zilezile 96, hiyo ni chini ya nusu megabaiti.

Sharti ni urefu uwe kamili kwa sampuli, 1,058,400 na 661,500. Ukiyaweka kwenye MP3, kila moja linaongeza kimya chake kwa kiasi chake, na baada ya dakika kadhaa kengele zitakuwa zimeteleza nje ya mdundo.

Jembe_la_Umoja

Hiyo ya baa 5 juu ya 8 sikuwahi kuiwaza. Lakini bado nasema mtunzi angewapa MP3 pia, maana wateja wataomba tu.

Mpiga_Kayamba

Siwezi kutoa MP3 ya mzunguko nikijua itakatika. Hapo hatutakubaliana.

Msimbo_254

Samahani kuingilia, mimi nina tatizo kama hili lakini OGG yenyewe inakatika! Nimetumia `MediaPlayer` ya Android na `setLooping(true)`. Kuna mkwamo mdogo kila inaporudi. Kwa hiyo OGG si dawa?

Mama_Mawimbi

Faili lako linaweza kuwa zima, na kichezaji ndicho kinachochelewa kurudi mwanzoni. Jaribu kuandika alama hii ndani ya OGG, ndiyo inayotumika kwenye milio ya simu:

```
ANDROID_LOOP=true
```

Iweke kwenye maelezo ya faili, pale panapokaa jina la wimbo. Ikikataa, utahitaji kuachana na `MediaPlayer` kwa kazi hii.

Mwana_wa_Milimani

Kuhusu pesa: 20,000 ni ndogo kwa wakili lakini si ndogo kwako. Korti ya Madai Madogo inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na unaweza kujisimamia mwenyewe. Peleka makubaliano, ujumbe wa kukataa kulipa, faili ulilowapa lenye tarehe, na ile rekodi ya simu. Kwanza lakini waandikie barua ya madai na uwape siku za kujibu.

Mpiga_Kayamba

Asante ndugu. Barua nimeituma mchana huu pamoja na sauti tatu: OGG yangu ikijirudia, MP3 yao ikijirudia, na rekodi ya kutoka kwenye mchezo, mshono ukiwa umewekewa alama. Nimewauliza pia swali la Mama_Mawimbi. Meneja amejibu kwamba "fundi wao ataangalia". Kuhusu pesa hajaandika neno. Sitafunga uzi huu mpaka M-Pesa iingie.

Msimbo_254

Mama, ile alama imefanya kazi kwenye simu yangu, mkwamo umeisha kabisa. Kwenye simu ya dada yangu bado upo, faili lilelile. Ya kwake ni ya zamani kidogo. Kuna mwenye wazo?