Mayonezi ya mayai mabichi ina siku 6 kwenye friji na haina harufu. Nimpe wifi mjamzito?

Kijiko_Mbao
Wakuu, heshima kwenu. Jumapili nilitengeneza mayonezi: viini 2 vibichi, kikombe kimoja cha mafuta, chumvi, kijiko kimoja cha chai cha maji ya limau. Nikaitia kwenye chupa safi na kuiweka kwenye mlango wa friji. Leo ni siku ya 6. Rangi ni ileile, harufu hakuna, nimeonja kidogo iko poa. Kesho anakuja wifi yangu, ana mimba ya miezi mitano, na anaipenda mno saladi ya viazi. Niitumie au nitengeneze nyingine?

SikiKali
Unajisumbua bure, asidi inaua kila kidudu. Mimi natia siki vijiko viwili vya chakula, naisweka kwenye friji papo hapo, na naila hadi wiki 3. La msingi osha mayai kwanza.

Mama_Pacha
Yangu mimi kila nikitengeneza inakatika, mafuta juu maji chini. Tatizo ni blenda au mafuta?

Zamu_ya_Jikoni
Kijiko_Mbao, imwage. Na wewe uliyeonja, ukipata homa, tumbo kusokota au kuhara ndani ya siku chache zijazo, usiseme ni uchovu. Salmonela inaweza kujitokeza baada ya saa 6 tu, au ikachukua hadi siku 6.

Harufu haikusaidii hapa. Vimelea vinavyochachusha chakula hadi kinuke ni vingine. Salmonela inaweza kuwa tele kwenye kijiko kimoja na mayonezi ikabaki nyeupe, laini, tamu. Halafu mlangoni ndipo penye joto kuliko sehemu zote za friji, kila anayefungua anaipasha. Ingekaa rafu ya ndani, nyuzi 4 au chini, na hata huko mwisho ni siku 3 au 4.

SikiKali, nusu ya maneno yako ni kweli. Asidi inaua salmonela, ila inahitaji muda, na baridi inaichelewesha. Imepimwa: katika mayonezi yenye ukali wa kutosha, vimelea hufa haraka zaidi kwenye joto la kawaida la chumba kuliko kwenye friji. Ya kwako ikiingia friji papo hapo, baridi inavizuia visizaane, lakini inaweza pia kuvihifadhi hai. Kuosha nako hakumalizi jambo, kwa sababu salmonela inaweza kuingia ndani ya yai likiwa bado tumboni mwa kuku, kabla ganda halijafunga.

SikiKali
Kwa hiyo nianze kuiacha mezani? Miaka yote hii sijawahi kuugua.

Zamu_ya_Jikoni
Mayai mengi hayana salmonela, ndiyo maana hujaugua. Kuiacha mezani kunafaa tu kama una uhakika wa ukali wake, pH 4.2 au chini, na malimau hayalingani. Kijiko kimoja cha chai kwa kikombe kizima cha mafuta ni cha kuonjea tu, ukiiacha nje hiyo ndiyo unaifuga.

Kwa mjamzito mimi huvipika viini. Viini 2, vijiko 2 vya chakula vya maji ya limau, vijiko 2 vya maji, kwenye sufuria ndogo, moto mdogo kabisa. Koroga bila kuacha, mpaka kwenye kona za sufuria. Kipimajoto kikisoma nyuzi 71, kitu kimeshakuwa kizito kama uji mwepesi na kinashika kijiko. Hapo hapo tia kitako cha sufuria kwenye maji baridi, ukichelewa utapata mayai ya kuvuruga. Kikipoa, tia kwenye blenda umimine mafuta kidogo kidogo.

Mama_Pacha, na wewe jibu lako ndilo hilo: unamimina mafuta haraka. Iliyokatika usiitupe. Weka kiini kipya kwenye bakuli safi, uirudishe humo kijiko kimoja kimoja huku unapiga.

Ndugu_Mpole
Lakini za dukani si zina mayai pia, na zinakaa miezi?

Zamu_ya_Jikoni
Mayai yake kwa kawaida yamepashwa joto kiwandani, na ukali wake unapimwa.

Kijiko_Mbao
Nimeimwaga. Nimejaribu ya kupika viini, mara ya kwanza imeganda, nilishika simu sekunde chache tu. Ya pili imekubali, ila ina ukakasi wa limau. Niongeze sukari? Na kama nataka kutia kitunguu saumu kibichi?

Zamu_ya_Jikoni
Sukari chembe haidhuru. Saumu tia kwenye saladi siku ya kula, usiiloweke kwenye chupa. Mafuta yenye saumu mbichi yana hatari yake nyingine, hiyo tufungulie uzi.

SikiKali
Mimi naendelea na siki yangu. Ila wiki 3 nitapunguza.