Mrejesho: taarifa za bei, tiketi nne Kigoma–Dar

Niliuliza: "Natafuta tiketi nne za ndege Kigoma–Dar, bei haitulii. Niweke vipi taarifa ya bei, na ikishuka kiasi gani ninunue?"

Asanteni wakuu, imeeleweka. Kwenye Google Flights unaandika TKQ kwenda DAR, unachagua tarehe kamili, kisha unawasha `Track prices` ukiwa umeingia kwa akaunti yako. Bei ikibadilika, barua pepe inakuja.

Kilichonifungua macho ni idadi ya abiria. Viti vya daraja moja la kawaida vinauzwa kwa mafungu ya bei. Fungu la chini likibaki na viti viwili, ukitafuta watu wanne mfumo unawapandisha wote wanne fungu la juu. Kwa hiyo taarifa ikifika, tafuta kwanza mtu mmoja, halafu wanne. Tuseme mmoja anaonyeshwa 250,000 na wanne 310,000 kila mmoja: jaribu wawili. Wakipata 250,000, kata tiketi mbili mbili, uokoe 120,000. Ubaya wake, zinakuwa buking mbili, na safari ikibadilishwa lazima ufuatilie zote.

Kuhusu kiasi, msilinganishe na bei ya jana. Fungua hadi ukurasa wa malipo, ujumlishe begi. Bei ikishuka 30,000 lakini tiketi hiyo haina begi, na begi ni 40,000, hapo hakuna punguzo. Likibaki punguzo baada ya begi na tarehe yako haibadiliki, lipia siku hiyohiyo, maana fungu la viti viwili humalizwa na familia moja tu.