Kreatini inaleta chunusi kweli? Mgongo wangu umeharibika

Kijana wa Mbagala: Wakuu, habari za usiku. Nina miaka 24. Wiki 6 zilizopita nilianza kreatini ya kujenga misuli, gramu 5 kila asubuhi, nakoroga na maji nakunywa. Wiki mbili hizi mabega na mgongo wa juu vimejaa chunusi kubwa zinazouma, hata kulala chali siwezi. Sijawahi kuwa na ngozi ya namna hii, hata nilipokuwa sekondari. Jimu kila mtu ananiambia ni kreatini. Lakini ndiyo kwanza mwili umeanza kujibu, nimetoka kilo 63 hadi 69, na harusi yangu ni Desemba. Niache au nivumilie?

Mzee wa Chuma: Acha leo. Kreatini inapandisha DHT, homoni inayoifanya ngozi itoe mafuta mengi, na mafuta yakizidi vinyweleo vinaziba. Wachezaji wa raga walipimwa Afrika Kusini, ikaonekana imepanda zaidi ya nusu. Hayo si maneno ya kijiweni.

Bi Mwanaidi: Mwanangu, chunusi ni kitu kidogo, angalia figo. Baba watoto alipimwa kreatini hospitali ikaonekana iko juu, mpaka leo anatumia dawa. Hiyo kitu ni mbaya.

Famasia Mwanza: Pole mama. Alichopimwa mzee ni kreatinini, taka ambayo figo huitoa. Majina yanafanana, vitu ni viwili.

Mzee wa Chuma, utafiti huo upo, ni wa 2009. Vijana wa raga walipewa gramu 25 kwa siku kwa wiki nzima, kisha gramu 5 kwa wiki mbili. DHT ilipanda asilimia 56 baada ya ile wiki ya kwanza, lakini haikutoka nje ya kiwango cha kawaida, na testosteroni, homoni ya kiume ambayo DHT hutokana nayo, haikusogea. Sasa sikia hili: hakuna aliyeangalia ngozi zao. Chunusi tumeziongeza sisi. Mtu kasoma kwamba DHT imepanda, anajua DHT huongeza mafuta ya ngozi, akaunganisha, na mwenzake akaipokea kama jambo lililopimwa. Mwaka 2025 watafiti wa Iran wakawapa wanaume wanaopiga chuma gramu 5 kwa siku kwa wiki 12, na DHT yao haikutofautiana na ya wenzao ambao hawakupewa.

Kijana, kinachonisumbua mimi ni hizo kilo 6. Kreatini inavuta maji kwenye misuli, unapanda kilo moja, mbili. Unatumia nini kingine?

Kijana wa Mbagala: Ni poda ya protini tu, ile ya maziwa, nachanganya na maziwa fresh mara tatu kwa siku. Hicho si chakula tu jamani?

Mzee wa Chuma: Mimi nilipoanza kreatini nilitoka vipele kifuani, nilipoacha vikaisha. Utafiti uje usije, mwili wangu naujua.

Famasia Mwanza: Sikubishii vipele, kaka. Ila ulipoacha, uliacha kreatini peke yake?

Mzee wa Chuma: Niliacha na jimu yenyewe, nilikuwa nimeteguka bega.

Famasia Mwanza: Basi uliacha na jasho, poda na ule mkanda unaokusugua mgongo, vyote siku moja. Ndiyo maana hadithi hii haifi. Karibu hakuna anayeanza kreatini peke yake. Anaianza mwezi uleule aliojiunga na jimu, kaongeza poda, kaongeza maziwa. Kikitokea kitu, lawama inaangukia kopo lenye jina la kutisha. Ile poda ya maziwa ina ushahidi zaidi wa kuleta chunusi kwa baadhi ya watu kuliko kreatini, na hakuna anayeisema.

Dada Pili: Mimi vyangu vilikuwa kifuani na kwenye paji la uso, vyote saizi moja, vinawasha ajabu. Nilikuwa namaliza mazoezi narudi na daladala na fulana mbichi. Nilipaka dawa za chunusi miezi minne bila nafuu. Daktari wa ngozi akasema ni fangasi wa kwenye vinyweleo, akanipa dawa ya fangasi, wiki tatu nikawa safi. Mdogo wangu, zako zinawasha?

Kijana wa Mbagala: Haziwashi dada. Zinauma, nyingine ziko ndani kama jipu.

Famasia Mwanza: Mabega na mgongo, kubwa, zenye kuuma, zimekuja ghafla kwa mtu wa miaka 24, na kilo 6 juu. Nakuuliza kama mdogo wangu: hakuna vidonge? Hakuna sindano?

Sabuni Asilia Dar: Ndugu njoo inbox, nina sabuni ya mwarobaini, siku 7 tu mgongo kama wa mtoto.

Kijana wa Mbagala: Samahani kwa kuchelewa kujibu. Mwalimu wangu wa mazoezi ananichoma sindano ya vitamini kila Ijumaa, kwenye tako. Ya kusaidia kreatini ifanye kazi vizuri. Nimeshachoma nne kati ya sita. Sikuisema kwa sababu ni vitamini, na yeye mwenyewe anaitumia miaka yote.

Famasia Mwanza: Ina rangi gani?

Kijana wa Mbagala: Njano hafifu. Nzito, inachukua muda kuingia, na tako linauma siku mbili.

Famasia Mwanza: Vitamini B12 ni nyekundu na nyepesi kama maji. Kitu cha njano, kizito kama mafuta, cha kila wiki, kinachopandisha kilo 6: nahofia umechomwa testosteroni au ndugu yake. Siwezi kuthibitisha bila kuona chupa. Lakini hapo chunusi zina maelezo ambayo kreatini haina.

Fukuafukua: Wakuu mnapigwa. Akaunti imefunguliwa juzi. Kwanza kreatini, halafu poda, sasa sindano ya njano, na muuza sabuni kashafika. Hii ni tamthilia ya kuuza dawa.

Mzee wa Chuma: Hata mimi naanza kuwa na wasiwasi. Tuma picha ya mgongo.

Kijana wa Mbagala: Simjui huyo wa sabuni. Nilifungua akaunti mpya kwa sababu mchumba wangu anaijua ile nyingine. Picha ya mgongo situmi, nina alama ya kuzaliwa. Nilichofanya, jana nilimwomba mwalimu anioneshe chupa. Ni moja, anachota kwa watu kadhaa, na lebo imebanduliwa. Akacheka, akasema mimi mwoga.

Dada Pili: Chupa moja watu kadhaa? Mdogo wangu, hapo chunusi si shida yako kubwa.

Fukuafukua: Kama ni kweli, nafuta kauli. Kama si kweli, basi umetunga vizuri.

Famasia Mwanza: Awe ametunga au la, wapo wanaochomwa hivyo. Kijana, kreatini si mtuhumiwa wangu, ila isimamishe na poda pia, daktari apate picha safi. Nenda ukapimwe testosteroni pamoja na LH, homoni ya ubongo inayouamuru mwili utengeneze testosteroni yake. Testosteroni ikiwa juu na LH imelala chini, utajua inatoka nje. Omba na vipimo vya VVU na homa ya ini B na C, na uulize lini virudiwe. Na kwa kuwa unaoa: testosteroni ya kuchomwa hushusha mbegu za kiume. Kwa wengi hurudi ukiacha, lakini huchukua miezi. Chunusi nazo hazitaisha wiki hii, dawa ya mafuta inabaki mwilini wiki kadhaa.

Kijana wa Mbagala: Nimekuelewa kaka. Ila zimebaki mbili tu na nimeshalipa zote. Nikimalizia hizo mbili ndipo nikapime, kuna tofauti kubwa?

Bi Mwanaidi: Mwanangu, hiyo hela isamehe.

Famasia Mwanza: Kesho ni Ijumaa. Usiende.