Mrejesho: tovuti ya nyumba ya wageni, WordPress au Hugo

Niliuliza: "Wakuu, tovuti ya nyumba ya wageni hapa Iringa ina kurasa tano, bei hubadilika mara mbili kwa mwaka. Nibaki WordPress au nihamie Hugo?"

Nimehamia. Kilichoniamulia ni plagini: kila mwezi nilikuwa nazisasisha kwa ajili ya kurasa ambazo hakuna aliyezigusa. Sasa Hugo inatengeneza HTML kwenye laptopu yangu, napandisha folda ya `public`, basi. Hakuna hifadhidata wala ukurasa wa kuingilia wa kudukuliwa.

Ila ukurasa wa bei ulinitoa jasho. Kwangu ulionekana, mtandaoni haupo! Kumbe `hugo new` huandika `draft = true` juu ya faili. Nilikuwa natazama kwa `hugo server -D`, inayoonyesha rasimu, lakini `hugo` tupu huziruka. Nikabadilisha:

```
draft = false
```

Fomu ya mawasiliano nayo ilikufa, maana hakuna PHP ya kuipokea. Nimeweka kiungo cha WhatsApp. Wageni wengi walikuwa wanapiga simu tu hata hivyo.

Mama mwenye nyumba hawezi kubadilisha bei mwenyewe, ananitumia ujumbe. Angetaka kuandika habari kila wiki, ningembakiza WordPress.