S24 ya mtumba au A56 mpya? Niko na 52,000

WanjaMikoba
Hamjambo wanajukwaa. Nataka kubadilisha simu kabla ya mwezi kuisha. Huku Luthuli nimeonyeshwa Galaxy S24 kwa elfu hamsini na mbili, na duka la pili lina A56 kwa hamsini. Moja ni ya daraja la juu ya 2024, nyingine ni ya kati ya 2025. Nikisoma kwenye karatasi naona tofauti kibao, lakini sijui ni zipi nitazisikia mkononi. Nichukue gani?

Fundi_wa_Vioo
Dada, nusu ya swali umeiacha nyumbani. Hiyo S24 ni mpya au imetumika? GB ngapi? Ingia Settings > About phone usome Model number. SM-S921B ni ya soko la nje ya Marekani, ina Exynos 2400 na nafasi mbili za laini pamoja na eSIM. Ikiwa ni SM-S921U, hiyo ya Marekani ina Snapdragon 8 Gen 3 lakini nafasi ya laini ni moja tu, ya pili inabidi iwe eSIM, na baadhi yake huja zikiwa zimefungwa na mtandao wa huko. Halafu utuambie unaifanyia kazi gani.

Kijana_Donholm
Mnazungusha mambo. A56 ni ya 2025, kwa hivyo chipu ni mpya zaidi. Kamera zote ni megapikseli 50. Betri ni 5000 kwa 4000. Mjadala umekwisha.

PichaMtaani
@Kijana_Donholm, kwa betri nakupa. Kwa kamera umepatia, ila kwa sababu isiyo yenyewe. Megapikseli 50 zinaweza kukaa kwenye kihisi kidogo sana na picha zikatoka mbaya. Hizi mbili zinakaribiana kwa kuwa kihisi cha kamera kuu kina ukubwa uleule kwenye zote, inchi 1/1.56. Mchana, ukipiga bila kuvuta, utahangaika kuzitofautisha. Ukivuta mara tatu ndipo njia zinaachana: S24 ina lenzi yake ya kuvuta mara tatu, A56 haina, kwa hivyo inakata katikati ya picha na kuipanua. Herufi ndogo na nyuzi ndipo zinapoanza kuonekana kama zimepakwa rangi ya maji.

Na chipu haipimwi kwa mwaka. Exynos 1580 ya A56 ni ya daraja la kati, 2400 inaipita waziwazi, hasa kwenye michoro ya gemu.

MamaTito_Umoja
Samahani kwa kuingilia, yangu ni A14 na inaniambia memori imejaa kila siku. Hiyo A56 inachukua memori kadi?

Fundi_wa_Vioo
Hapana mama, wala S24. Anza kwa kufuta video za WhatsApp: Settings > Storage and data > Manage storage, humo humo ndani ya WhatsApp.

WanjaMikoba
Poleni, nilidhani ni swali rahisi. S24 ni ya kutumika, imetoka Uingereza, 128GB, modeli inaishia B. A56 ni mpya, 256GB. Nauza mikoba ya ngozi mtandaoni. Napiga picha za mishono na vifungo, narekodi video fupi, na mara nyingi niko nje kwenye jua. Sichezi gemu. Laini ni mbili.

PichaMtaani
Sasa tunaongea. Mkoba ukiupiga kwa karibu na kamera kuu, sehemu iliyo mbele inavimba na ya nyuma inasinyaa, tena simu yenyewe inatia kivuli juu ya ngozi. Kwa lenzi ya mara tatu unarudi nyuma hatua moja au mbili, umbo linakaa sawa na mwanga unapita. Usisogee karibu mno, itakataa kushika fokasi. A56 ina kamera ya makro ya megapikseli 5, lakini hiyo usiihesabu. Kwa mshono, piga na kamera kuu ukiwa mbali kidogo kisha ukate picha.

Video: S24 inafika 4K kwa fremu 60, A56 inaishia 30. Kwa video fupi ya mkoba uliowekwa mezani, 30 zinatosha. Chipu utaisikia ukihariri, wakati wa kuhifadhi video ndefu. WhatsApp na M-Pesa hazitakuonyesha tofauti yoyote.

Kijana_Donholm
Na masasisho je? Simu ya 2024 inakufa mapema.

PichaMtaani
Piga hesabu. S24 ilitoka Januari 2024 na ahadi ya miaka 7, inafika 2031. A56 ilitoka Machi 2025 na ahadi ya miaka 6, inafika 2031. Tofauti ni miezi miwili hivi. Kitakachozeeka mapema ni betri, na ya mtumba imeshaanza.

Fundi_wa_Vioo
Kioo sasa, maana hapo ndipo watu wanaumia. Kwenye karatasi S24 inafika niti 2600 na A56 niti 1900. Juani zote mbili utazisoma mradi Adaptive brightness iwe imewashwa, na zote hushusha mwanga zikipata moto. Ila hizo 2600 ni za kioo halisi.

Juzi nililetewa mezani S24 ya mtumba, mwenyewe analalamika betri haifiki saa nane mchana na alama ya kidole inakataa. Ilikuwa imebadilishwa kioo, ikawekewa LCD badala ya AMOLED. LCD ina taa nyuma inayowaka kote hata pale penye weusi, kwa hivyo inakula chaji. Kihisi cha kidole cha S24 kinatumia mawimbi ya sauti, kikikaa nyuma ya kioo chembamba. Matabaka ya taa ya LCD yanayaziba. Hakuna mpangilio wa kurekebisha hilo, ni kununua kioo kingine, na cha asili kinauma mfuko.

Dukani fanya hivi. Washa Always On Display, ifunike simu kwa koti uchungulie. Pembeni ya saa panatakiwa pawe peusi ti. Ukiona mng'ao wa kijivu, rudisha simu. Sajili kidole chako papo hapo, lakini kwanza ombeni kioo cha kinga kitolewe, kwa sababu vile vinene vinavyoacha hewa katikati husumbua kihisi hata kama simu ni nzima. Mwisho piga `*#0*#`, fungua Red, Green na Blue utafute kivuli cha kibodi kilichoungua, kisha Touch upake kila kisanduku. Na hata ikipita yote, kama iliwahi kufunguliwa usiitegemee majini.

Kijana_Donholm
Ndiyo nasema nunua mpya!

PichaMtaani
Mpya haitampa lenzi ya mara tatu.

Otis_Kayole
Hakuna aliyetaja S24 FE? Inchi 6.7, betri 4700, na lenzi ya mara tatu inayo. Chipu ni 2400e.

PichaMtaani
Inayo, ila ya megapikseli 8, na ya S24 ni 10. Kwa mikoba ningeivumilia. Shida ni kuipata mpya kwa bajeti hiyo.

Fundi_wa_Vioo
Ukiambiwa FE ni mpya, angalia kama IMEI ya `*#06#` inalingana na ya boksi. Boksi zinauzwa peke yake.

WanjaMikoba
Sasa mmeniongezea ya tatu. Jumamosi naenda na koti. Kama S24 itapita hapo kwenye weusi nitarudi hapa, maana ile 128GB bado inanikaa vibaya.

MamaTito_Umoja
Nimefuta, GB 11 zimetoka. Lakini bado inaganda, ni betri ama?