Naomba ushauri: mama kachanganya parasetamoli na dawa ya mafua

Habari ndugu zangu. Mama yangu yuko Kongwa, anaumwa goti. Bahasha ya parasetamoli imeandikwa 2x3, yaani vidonge viwili kila baada ya masaa 8. Jana alikunywa viwili asubuhi, vya mchana akasahau, jioni akameza vinne kwa pamoja "kufidia". Kumbe dozi iliyopita haifidiwi!

Leo nikaona pembeni ya kitanda pakiti ya dawa ya mafua. Nyuma, kwa maandishi madogo: parasetamoli miligramu 500. Jana alimeza vitatu. Jumla vidonge 9, miligramu 4,500, wakati mwisho kwa mtu mzima ni 4,000 kwa siku.

Nimesimamisha zote. Hana kichefuchefu, ila najua ini huumia kimyakimya. Nampeleka hospitali leo na pakiti zote. Nikaombe kipimo gani?