Dada wa kumhudumia mama baada ya kiharusi: 150,000 inatosha?

Kijana wa Mbagala: Wakuu, mama ametoka hospitali wiki iliyopita, upande wa kulia umelegea. Tunataka dada wa kulala hapo hapo, ampikie, amwogeshe, amkumbushe dawa. Tumepanga 150,000 kwa mwezi. Inatosha?

Pangu Pakavu: Oa tu, mkuu. Hiyo hela itabaki mfukoni.

Nesi wa Zamu: Mama anameza vipi? Na nyumbani mko wangapi?

Kijana wa Mbagala: Anakula. Tuko saba, dada atapikia wote, kwani sufuria si moja?

Nesi wa Zamu: Nimeuliza kumeza.

Kijana wa Mbagala: Akinywa maji anakohoa kidogo. Lakini msichana tumeshamtumia nauli, anatoka Singida, na kazi za ndani anaziweza.

Nesi wa Zamu: Hapo ndipo penye shida. Maji yanakimbia kooni kabla koo halijajiandaa, yanaingia kwenye mapafu, halafu inafuata nimonia. Msianze kumnywesha kwa kubahatisha. Akila, akae wima kabisa, kidevu kiinamie kidogo. Kijiko cha chai, si cha chakula, kiingie upande wa kushoto wenye nguvu. Ameze kwanza ndipo kije kingine. Akimaliza, dada achungulie shavu la kulia, maana chakula hujificha pale na yeye hahisi. Asilazwe mpaka zipite dakika 30. Sauti ikiwa ya majimaji baada ya kumeza, acheni kumlisha. Homa ikipanda au akipumua kwa shida, hospitali siku hiyo hiyo. Mlo mmoja namna hii unaweza kula dakika 40. Sasa huyo dada wa kupikia watu saba ataupata wapi huo muda?

Bibi Mpishi: Mpeni supu ya kuku yenye minofu, ndiyo inarudisha nguvu.

Nesi wa Zamu: Kuku sawa, bibi, ila asagwe awe laini na mzito. Supu yenye minofu ni vitu viwili mdomoni: huku bado anatafuna, maji yameshatangulia. Na vidonge msivisage mpaka muulize famasi, vingine vimetengenezwa vitoke polepole.

Jicho la Tatu: Hii chai. Hospitali gani inamruhusu mgonjwa anayepaliwa bila maelekezo?

Kijana wa Mbagala: Si chai. Karatasi ipo, imeandikwa vyakula laini na turudi apimwe kumeza. Juzi ndiyo ilikuwa tarehe. Gari lilikosekana.

Jicho la Tatu: Kumbe nauli ya Singida ilipatikana.

Kijana wa Mbagala: Msinishambulie jamani. Kesho tunampeleka. Basi la dada limeshapita Dodoma, na ndugu zangu wanasema 150,000 ni nyingi kwa mtu wa kukaa tu na mgonjwa.

Nesi wa Zamu: Waulize usiku nani atamgeuza kila baada ya saa mbili.